Kuzima madoido ya Windows: kompyuta ya zamani inapata nini hasa

Dada mmoja mwenye steshenari karibu na shule alinipigia simu akiwa amekata tamaa. Alikuwa ameangalia video fupi mtandaoni iliyomwambia kwamba akizima madoido yote ya Windows, mpakato wake wa zamani utakimbia kama mpya. Akafuata maelekezo hatua kwa hatua. "Kaka," akaniambia, "nimezima kila walichosema. Sasa herufi zina meno kama msumeno, na mashine bado inatambaa."

Simu za namna hiyo zimeongezeka. Tangu 14 Oktoba 2025, siku Microsoft ilipofunga msaada wa kawaida wa Windows 10, wenye mashine ambazo Windows 11 haizikubali wamebaki nazo wakitafuta kila njia ya kuzirefushia maisha, na ushauri wa kuzima madoido ndio unaosambaa zaidi kwa kuwa ni wa bure. Si ushauri mbaya. Tatizo ni kwamba watu wanauza matokeo ambayo hauwezi kuyaleta, na hawasemi pale unapoleta faida ya kweli.

Tuanze na maneno. Madoido ni yale mapambo ambayo Windows inayaongeza juu ya kazi yenyewe, na ni ya aina tatu. Kuna mwendo: dirisha linapofunguka linakua kidogo kidogo, menyu inateleza, kitu kinafifia kabla ya kupotea. Kuna uwazi: upau wa chini au menyu ya Start inapitisha rangi za kilicho nyuma yake kama kioo chenye ukungu. Na kuna urembo uliotulia, kama kivuli chini ya dirisha, kivuli chini ya maandishi ya ikoni, na kulainisha kingo za herufi. Kila aina ina gharama yake, na gharama hizo hazifanani hata kidogo.

Ili kuelewa gharama hizo, inafaa kujua kinachofanyika nyuma ya skrini. Kila programu uliyoifungua haichori moja kwa moja kwenye skrini. Inachora kwenye karatasi yake ya pembeni, ndani ya kumbukumbu. Kisha kuna programu moja ya Windows, ukiingia Task Manager utaikuta kwa jina la Desktop Window Manager, ambayo kazi yake ni kuzichukua karatasi hizo zote, kuzipanga ipi iwe juu na ipi iwe chini, kuongeza vivuli na uwazi, halafu kutoa picha moja unayoiona. Faili lake linaitwa `dwm.exe`. Lilikuja na Windows Vista. Kwenye Windows 7 uliweza kulizima kabisa kwa kuchagua mandhari ya Classic, lakini tangu Windows 8 halizimiki tena.

Hapo ndipo dhana ya kwanza potofu inapovunjika. Ukizima madoido kwenye Windows 10 hujamwondoa mpangaji wa karatasi. Umempunguzia tu kazi za urembo. Karatasi bado zipo, na bado anazipanga.

Sasa tupige hesabu ya kumbukumbu, maana wengi wanadhani madoido yanakula RAM. Skrini ya mipakato mingi ya zamani ina nukta 1366 kwa 768, na kila nukta inahifadhiwa kwa baiti 4. Zidisha: unapata kama megabaiti 4 kwa dirisha lililojaza skrini. Ukiwa na madirisha 10 makubwa ni kama megabaiti 40, na karatasi hizo zinabaki hata ukizima kila doido. Kivuli na uwazi vinaongeza kidogo tu juu ya hapo. Upande wa pili, tovuti moja nzito kwenye kivinjari inaweza kushika megabaiti 200 peke yake. Kwa hiyo mtu mwenye RAM ya gigabaiti 4 akifunga vichupo vitatu anapata nafasi ambayo madoido yote kwa pamoja hayawezi kumpa. Picha ya ukutani nayo ni vilevile. Kuiondoa na kuweka rangi nyeusi hakuokoi kitu cha maana, isipokuwa kama ulisakinisha programu ya kuweka picha inayocheza. Hiyo inachora muda wote, na iondoe leo.

Gharama ya madoido iko kwingine, kwenye kuchora. Skrini ya kawaida inabadilishwa mara 60 kwa sekunde, yaani kila picha ina milisekunde 16 na ushei za kuandaliwa. Dirisha linapofunguka kwa mwendo wa robo sekunde, picha kama 15 zinatakiwa kuchorwa mfululizo, na kila moja isichelewe. Ikichelewa, unaona kile kigugumizi: dirisha linaruka, linasita, linaruka tena. Skrini ikiwa imetulia, hakuna kinachosogea, mpangaji hana cha kuchora na gharama inakaribia sifuri. Anayesema madoido yanakula kompyuta muda wote, hata umeiacha mezani, hajaangalia Task Manager.

Uwazi ni ghali kuliko mwendo wa kawaida, na sababu yake inaeleweka vizuri ukifikiria kioo cha bafuni. Ili kuchora kioo chenye ukungu, huwezi kuweka rangi moja ukamaliza. Lazima usome kilicho nyuma, ukivuruge kwa kuchanganya kila nukta na majirani zake, upake rangi nyepesi juu, ndipo uweke maandishi. Kilicho nyuma kikibadilika, mathalani video inacheza, kazi yote inarudiwa. Windows yenyewe inakiri gharama hiyo: mpakato ukiingia Battery saver, uwazi unazimwa wenyewe bila kuulizwa.

Kazi hizi zote za kuchora zinatakiwa kufanywa na kifaa cha michoro, ambacho kwenye mashine nyingi za bei nafuu kimo ndani ya prosesa lakini ni sehemu yake ya pekee. Kwa kifaa cha michoro, hata kile cha mwaka 2012, vivuli na menyu zinazoteleza ni kazi ndogo. Ndiyo maana watu wawili wenye mashine za umri mmoja wanazima madoido, mmoja anaona mabadiliko makubwa na mwingine haoni kitu. Tofauti mara nyingi ni draiva.

Draiva ni programu ndogo inayoiwezesha Windows kuzungumza na kifaa. Draiva ya michoro isipokuwepo, Windows haikatai kuwaka. Inatumia draiva ya dharura, na kazi yote ya kuchora inahamishiwa kwa prosesa. Ni kama mama lishe ambaye msaidizi wake hakuja: yeye ndiye anapika, anapakua, anaosha sahani na kupokea hela, na wateja ni walewale. Atafanya yote, lakini foleni itafika barabarani. Katika hali hiyo, kila kivuli na kila kioo cha ukungu kinachukua nguvu ileile ambayo Word na kivinjari vinaihitaji. Hapa kuzima madoido kunasaidia kweli, na kwa kiasi ambacho mtumiaji anakihisi mkononi.

Nilipofika steshenari nilikuta hali hiyohiyo. Mpakato wa Core i3 kizazi cha 3, RAM gigabaiti 4, diski ya kuzunguka, na Windows 10 iliyokuwa imesakinishwa upya na fundi wa mtaani. Kabla sijagusa chochote nilirudisha madoido yote ili nione tatizo likiwa wazi. Kisha nikafanya jaribio ambalo yeyote anaweza kulifanya. Nilibonyeza Ctrl+Shift+Esc kufungua Task Manager, nikaingia kichupo cha Details na kutafuta `dwm.exe`. Halafu nilishika dirisha la folda kwa kichwa chake na kulizungusha kwenye skrini kwa sekunde 10 huku nikiangalia safu ya CPU. Ilipanda juu ya asilimia 30, na dirisha lilikuwa linafuata kipanya kwa kuchelewa, kama mtoto anayeburutwa sokoni.

Nikabofya Start kwa kitufe cha kulia cha kipanya, nikachagua Device Manager, nikafungua Display adapters. Palikuwa pameandikwa Microsoft Basic Display Adapter. Jina hilo likikaa hapo badala ya jina la kifaa chako, maana yake draiva halisi haipo. Dada akanithibitishia dalili nyingine ambayo hakuwa ameihusisha na kasi: tangu mashine isakinishwe upya, vitufe vya kupunguza mwanga wa skrini vilikuwa havifanyi kazi.

Kwa nini draiva haikuja yenyewe? Kwa kawaida Windows Update huileta. Lakini yeye anatumia intaneti ya simu, na mtandao huo ulikuwa umewekwa kama metered connection, yaani wa kulipia kwa kipimo, ili usimmalizie bando. Kwenye mtandao wa namna hiyo Windows haishushi draiva bila ruhusa. Nilizima kipengele hicho kwa muda, nikaenda Settings, Update & Security, Windows Update, View optional updates, na chini ya Driver updates ilikuwepo. Baada ya kuwasha upya, Display adapters ikasoma Intel HD Graphics 4000. Nikarudia jaribio la kuzungusha dirisha, na `dwm.exe` haikufika asilimia 5. Madoido yote yalikuwa bado yamewashwa.

Kwa hiyo huo ndio ushauri wangu wa kwanza, kabla ya kuzima lolote: angalia Device Manager. Mashine zilizo za zamani zaidi ya hiyo huenda zisipate draiva kabisa, na hapo ndipo ni sawa kuzima karibu kila kitu, pamoja na Show window contents while dragging, ili unapoburuta dirisha usogee mstari wa nje tu na si dirisha zima.

Lakini hata baada ya draiva, yapo madoido yanayostahili kuzimwa, kwa sababu tofauti kabisa. Mwendo ni muda wa kusubiri. Dirisha linalofunguka kwa robo sekunde limekuchelewesha robo sekunde hata kama mashine ni mpya. Mtu anayechapa mitihani na kufungua menyu mamia ya mara kwa siku anaihisi hiyo robo. Ukizima mwendo, kazi haiishi mapema kwa prosesa, bali jibu linakufikia papo hapo. Hiyo ni faida halisi, ila si faida ya RAM wala ya nguvu, na ni vizuri kuiita kwa jina lake.

Kisanduku chenyewe kinafunguliwa hivi: bonyeza Windows+R, andika mstari huu, kisha Enter.

```
SystemPropertiesPerformance
```

Kuna chaguo nne juu. Adjust for best performance inatoa tiki zote kwa mkupuo, na ndiyo iliyomponza dada yetu. Ukiichagua, unatoa pia tiki ya Smooth edges of screen fonts, ambayo ndiyo inayolainisha kingo za herufi. Gharama yake ni ndogo mno hata kwa mashine dhaifu, na anayesoma maandishi siku nzima anaumiza macho bure. Chagua Custom badala yake. Mimi nilimwachia hiyo ya herufi na Show window contents while dragging. Nikatoa tiki kwenye zote zinazoanza na Animate au Fade, kwenye Animations in the taskbar, kwenye Slide open combo boxes na Smooth-scroll list boxes. Vivuli nilimwachia, kwa sababu kivuli chini ya dirisha kinamsaidia mtu kuona lipi liko juu ya lipi, na draiva ikiwepo havina uzito.

Tiki moja inahitaji kufikiriwa: Show thumbnails instead of icons. Hii ndiyo inayokuonyesha picha ndogo ya kila picha ndani ya folda. Gharama yake haiko kwenye kuchora bali kwenye diski, maana ili kutengeneza picha ndogo Windows inalazimika kusoma kila faili. Folda yenye picha 800 kwenye diski ya kuzunguka itakusubirisha mara ya kwanza, ingawa baadaye picha ndogo hizo huhifadhiwa. Anayechapa barua tu aizime. Dada huyu anasafisha picha za pasipoti, na bila picha ndogo angekuwa anafungua faili moja moja kumtafuta mteja. Tukaiacha.

Uwazi haumo kwenye kisanduku hicho, na wengi wanaoweka Adjust for best performance hawajui kwamba umebaki. Unazimwa Settings, Personalization, Colors, hapo utakuta Transparency effects. Zima tu. Upau wa chini unakuwa wa rangi moja, na kwa maoni yangu unasomeka vizuri zaidi.

Tukiwa bado hapo kwenye Settings, kuna swichi moja ambayo video nyingi haziitaji, nami naiona ni ya thamani kuliko nusu ya tiki zile: Ease of Access, Display, Show animations in Windows. Kwenye Windows 11 iko Accessibility, Visual effects, kwa jina la Animation effects. Swichi hii haiishii kwenye Windows. Word na Excel za kuanzia toleo la 2013 zinaifuata: ile hali ya mstari wa seli kuteleza kutoka seli hadi seli kwenye Excel inakoma, na mshale wa kuchapa unaacha kuogelea. Vivinjari navyo vinaziarifu tovuti kwamba mtumiaji hataki mwendo mwingi, na tovuti zilizotengenezwa kwa uangalifu zinapunguza mbwembwe zake. Si zote zinazotii, lakini zinazotii zinatosha kuonekana.

Na kuna ucheleweshaji ambao si doido kabisa, umewekwa kwa makusudi. Ukipeleka kipanya juu ya Send to, Windows inasubiri milisekunde 400 kabla ya kufungua menyu ya pembeni, isije ikafunguka kwa bahati mbaya. Ukitaka kupunguza, fungua Command Prompt na uandike:

```
reg add "HKCU\Control Panel\Desktop" /v MenuShowDelay /t REG_SZ /d 150 /f
```

Kisha toka kwenye akaunti na uingie tena. Usiweke 0, maana menyu zitakuwa zinachomoza kila kipanya kinapopita. Kurudi kwenye hali ya awali, andika 400 mahali pa 150. Mipangilio yote niliyoitaja ni ya akaunti moja, kwa hiyo kompyuta inayotumiwa na watu watatu wenye akaunti tatu inahitaji kupangwa mara tatu. Na hakuna inayoharibu chochote: ukichagua Let Windows choose what's best for my computer, tiki zinarudi zilivyokuwa.

Baada ya hayo yote dada alijaribu mashine. Menyu zinafunguka unapogusa, madirisha yanasogea bila kigugumizi, herufi zimenyooka. Akafurahi, halafu akaizima na kuiwasha, kama anavyofanya kila asubuhi. Dakika nne zikapita kabla Word haijafunguka. Akanitazama.

Nikafungua Task Manager tena, safari hii kichupo cha Performance. CPU ilikuwa imetulia. Safu ya Disk ilikuwa imeganda kwenye asilimia 100, na Memory ilikuwa juu ya asilimia 80 hata kabla ya kufungua kivinjari. Hili hakuna doido linaloligusa. Mashine inapowaka, programu kadhaa zinataka kusoma diski kwa pamoja, na diski ya kuzunguka ina mkono mmoja wa kusomea unaokimbia huku na huko kuzihudumia. RAM inapojaa, Windows inahamishia sehemu ya kumbukumbu kwenye diski hiyohiyo, na foleni inazidi. Ukiona Disk imejaa huku CPU imelala, acha kuhangaika na Visual Effects, hukosi tiki yoyote.

Tulizima programu nne zilizokuwa zinajiwasha zenyewe, kupitia kichupo cha Startup, na muda wa kusubiri ukapungua kidogo. Kilichobaki nilimwambia waziwazi: anahitaji SSD, yaani diski isiyozunguka, hata ya gigabaiti 240, iingie mahali pa diski ya sasa, na kipande cha RAM cha gigabaiti 4 kiongezwe kwenye nafasi ya pili iliyo wazi. Akaandika vyote viwili nyuma ya daftari la mauzo, akaniuliza kipi kianze kama hela inatosha kimoja. Nikamwambia SSD, kisha nikamsaidia kunakili picha za wateja kwenye flashi kabla fundi hajaigusa diski ya zamani.